Mgeni wetu leo ni rubani, lakini si wa ndege

Haya jamani tukae, tukae. Wa mbele songeni kidogo mwapishe wenzenu, na huo mlango uacheni wazi maanake joto la leo si mchezo. Hamjambo? Wa kule nyuma sijawasikia. Hamjambo? Sasa sawa.

Kabla sijawapa mgeni nina swali. Nani leo asubuhi amevuka feri? Inueni mikono. Mashaallah, nusu ya ukumbi. Na nani ashawahi kuona feri imengoja meli ipite kwanza? Ehe, wewe wa gredi ya saba, meli yenyewe ilikuwa kubwa vipi? Kubwa kushinda shule. Wala hujakosea, kuna zenye urefu wa zaidi ya mita 200, chukua viwanja viwili vya mpira uviunganishe ndo uone.

Sasa fikirieni. Meli hiyo haina breki kama matatu, ukitaka isimame inaendelea kwenda tu mbali sana ndo itulie. Nahodha wake pengine ametoka nchi ya mbali, Likoni hajawahi kuiona hata siku moja. Mbele yake pana mlango mwembamba, huku miamba, huku feri imejaa watu, wengine ni mama zenu wanaenda sokoni. Aingie vipi?

Haingii peke yake. Anangoja huko nje, bahari kuu, mpaka aje mtu wa hapa, anayeyajua maji haya. Mtu huyo ndiye anaitwa rubani, pale bandarini utasikia wakisema pailoti. Mwashangaa? Mwajua rubani ni wa ndege peke yake. Hapana, neno hili lilikuwa la baharini tangu zamani, ndege hata hazijatengenezwa. Mwaka wa 1498 Vasko da Gama alipita hapa Mombasa hakupata makaribisho, akaenda Malindi, na ni Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumfikisha India. Alikuwa na meli, alikuwa na mizinga, lakini njia hakuijua!

Basi huyu mzee mnayemuona ameketi hapa na shati jeupe, amefanya kazi hiyo miaka mingi, na mimi nimemuomba aje tangu muhula uliopita kwa sababu nataka mumuone kwa macho yenu. Amezaliwa Likoni. Amecheza ufuoni kama nyinyi, na bamvua na maji mafu aliyajua kabla hajajua kusoma, alifunzwa na babu yake mvuvi.

Kazi yake inaanza hivi. Anachukua boti ndogo, anaenda mpaka ubavuni mwa meli, na meli yenyewe inatembea, haijasimama. Inateremshwa ngazi ya kamba. Yaweza kufika mita 9, yaani kama nyumba ya ghorofa tatu hivi. Boti inapanda na kushuka na mawimbi, na yeye lazima aishike ngazi wimbi likiwa limeinua boti juu, akikosea hapo ni hatari. Usiku pia anapanda. Mvua ikinyesha pia. Akishafika juu wanatweka bendera nusu nyeupe nusu nyekundu, kila anayeiona anajua rubani yuko ndani. Kesho mkiwa kwenye feri itafuteni.

Na huko juu hamnyang'anyi nahodha kazi yake, ee. Nahodha bado ndo mkubwa wa meli. Rubani anamwambia geuza kidogo kulia, punguza mwendo, hapa maji yanavuta, mpaka wanaingia Kilindini salama. Kilindini ni kwenye kilindi, maji marefu, wazee walipaita hivyo wakijua wanachosema.

Wasichana, nawaona mnatazamana. Kazi hii si ya wanaume peke yao, Elizabeth Marami ni Mkenya mwenzenu na amefanya kazi ya urubani wa meli. Kwa hivyo na nyinyi ulizeni, tena ulizeni sana, nataka mikono ya wasichana leo iwe mingi.

Jina la mgeni sijalitaja makusudi, nataka alitaje mwenyewe. Nyinyi mwiteni Kapteni. Ataongea kidogo, halafu ni zamu yenu, na hakuna swali la kijinga hapa, hata ukitaka kujua huko melini walikula nini uliza. Mimi mwenyewe nataka kusikia ile ya usiku wa kusi kali, alinisimulia nusu tu pale ofisini kengele ikalia.

Haya, tumpigieni makofi ya Mombasa. Tena! Kapteni, shikamoo baba, karibu sana. Maiki hii hapa, ishike karibu na mdomo.