Hotuba ya Mkuu wa Shule, Siku ya Kukabidhi Zawadi za Kidato cha Tatu, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliotoka Ngamiani, Makorora, Sahare na kwingineko, wanafunzi wangu: Assalam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni.

Kabla sijaita jina la mtu, naomba niseme jinsi tulivyopata majina haya mawili. Wiki hii nimeshapokea wazazi watatu ofisini, kila mmoja na karatasi yake ya matokeo mkononi, na wote wana haki ya kuuliza. Mtoto akinyimwa zawadi bila kuelezwa sababu, uchungu huo hukaa naye.

Nianze na mwanafunzi bora. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, Juma na Mwanaidi. Juma anasoma masomo 8, jumla yake ni 664, wastani 83. Mwanaidi anasoma 9, jumla 729, wastani 81. Ukitazama jumla, Mwanaidi yuko mbele. Ukitazama wastani, Juma yuko mbele. Nani bora? Jumla inampendelea mwenye masomo mengi, kwa kuwa ana karatasi moja zaidi ya kuokota alama. Wastani nao unamwadhibu aliyethubutu kubeba somo la ziada.

Ndiyo maana mwezi wa pili, kabla ya mtihani wowote, tulibandika kanuni kwenye ubao wa matangazo: tutatumia masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kama Baraza la Mitihani linavyofanya kupanga madaraja ya kidato cha nne. Kwa pointi wote wawili wana 7, yaani A saba, na pointi haziwezi kuwatenganisha, maana A ya 75 na A ya 95 zote ni pointi moja. Tukarudi kwenye alama zenyewe. Juma tukimtolea somo la chini, la 80, anabaki na 584. Mwanaidi tukimtolea mawili ya chini, 69 na 64, anabaki na 596. Gawa kwa saba: Juma 83.4, Mwanaidi 85.1. Mwanaidi ndiye mwanafunzi bora. Juma, mwanangu, umeshindwa kwa alama 12 katika 700. Nakuomba usiinamishe kichwa.

Sasa zawadi ya aliyepiga hatua zaidi, na hii ndiyo iliyotukalisha hadi magharibi. Wengi walidhani ni kutoa tu: alama za Novemba toa za Juni. Kwa hesabu hiyo Bakari alikuwa wa kwanza, kutoka 31 hadi 50, hatua 19. Lakini Juni Bakari aliugua malaria, akakosa karatasi mbili, zikaandikwa sifuri. Tulipolinganisha masomo saba tu aliyofanya mara zote mbili, tukaona alikuwa na karibu 40, akafika 50. Hatua yake ni 10. Kupona si sawa na kupanda, ingawa namshukuru Mungu kwa afya yake. Baba yake nilimweleza mwenyewe jana, akanipa mkono.

Kuna jambo la pili. Darasa zima lilipanda, kutoka wastani wa 44 hadi 50, kwa sababu mitihani ya Juni ilikuwa migumu zaidi. Alama 6 hizo kila mtu alibebwa nazo, basi tukazipunguza kwa kila mmoja. Bakari akabaki na 4. Hamisi, aliyetoka 28 akafika 45, alipanda 17, akabaki na 11. Hakuna aliyemfikia. Tukaangalia pia kama amebebwa na somo moja tu. Hapana, amepanda katika masomo manane kati ya tisa.

Wapo watakaosema 45 ni C ya chini kabisa, zawadi ya nini? Mimi nimeishika karatasi yake ya Hisabati ya Juni: alama 11, kurasa nyeupe, swali limenakiliwa na kuachwa. Ya Novemba ana 38, bado ni D, lakini hakuna ukurasa mtupu. Swali la saba amekosea jibu la mwisho, na njia yote ameiandika mstari kwa mstari, pale alipokosea akafuta kwa mstari mmoja akaanza upya chini yake. Huyu ni kijana anayemsaidia mjomba wake kuanika dagaa Sahare kabla ya kuja shule. Mwalimu wake wa Hisabati alimwona kila Jumamosi, tangu Julai, kwenye dawati la mbele.

Wenye alama za juu msione mmesahauliwa hapa. Mwenye 80 hana nafasi ya kupanda 17 kwa urahisi, na ndiyo sababu zawadi ni mbili.

Karatasi zote za hesabu hizi ziko kwa mwalimu wa taaluma. Mzazi yeyote anayetaka kukagua za mwanawe, Jumatatu asubuhi mlango uko wazi.

Mgeni rasmi, naomba usogee mezani. Mwanaidi, njoo. Hamisi, njoo wewe na mama yako.