Upepo unaogeuka

Watoto wangu, tazameni Ziwa Kivu pale dirishani. Mchana upepo unatoka ziwani kuja huku Bukavu. Usiku unageuka, maana nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Sasa likuzeni jambo hilo: nchi kavu iwe Asia, ziwa liwe Bahari ya Hindi, mchana na usiku viwe misimu ya joto na ya baridi. Kuanzia Desemba, kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ilileta majahazi ya Omani na Gujarati hadi Zanzibar. Aprili kusi, upepo utokao kusini-magharibi, iliyarudisha. Juni na Julai bahari inachafuka mno, nahodha alingoja. Baharia Mreno Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, akafika India kwa wiki 4 hivi. Kurudi hakungoja kaskazi: karibu miezi 3 baharini, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Wewe wa nyuma, njoo uchore mishale ubaoni.