Maji ya Nairobi

Swali la kwanza Rehema alilisoma mara tatu, na kila alipofika mwisho alikuwa keshasahau mwanzo. Lilikuwa swali la mtoto. Unaosha mikono kwa sabuni kwa muda gani kabla ya kushika chakula: sekunde 5, 10, 20 au dakika 3? Mikono yenyewe ilikuwa imelowa jasho, kalamu inateleza. Akatia alama kwenye 20, akaifuta, akairudisha palepale.

Ukumbi ulikuwa karibu na Barabara ya Jogoo, na sauti za makanga zilikuwa zikiingia dirishani, "Beba beba, tao hamsini!" kana kwamba hakuna mtu anayehesabu maisha yake humu ndani. Kulikuwa na vijana waliovaa aproni za kazini, kina mama wawili watatu wa vibanda vya Gikomba, na jamaa mmoja mnene aliyekuwa akisoma maswali kwa kunong'ona hadi msimamizi alipokohoa.

Shefu wa hoteli moja kule Westlands alikuwa ameonja pilau ya Rehema, akanyamaza, akaongeza kijiko cha pili. Kisha akaomba makaratasi. Cheti cha afya kilikuwepo, kile cha kila miezi 6 ambacho hukipati kabla hujapeleka kikopo cha choo maabara.

"Hiki kinaniambia wewe ni mzima," shefu akasema. "Hakiniambii kama unajua unachofanya. Kafanye mtihani wa usafi wa chakula, ndiyo uje."

Maswali 40, kupita ni 30, halafu kuna sehemu ya kuitwa mbele mmoja mmoja. Hiyo ya kuitwa mbele ndiyo iliyomnyima usingizi.

Akaendelea. Nyama mbichi inakaa wapi kwenye friji? Chini kabisa, damu isidondokee kachumbari. Bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi ngapi na ngapi? Kati ya 5 na 60. Mpishi ana kidonda kidoleni: plasta, kisha glavu. Mpishi ameamka anaharisha: asiingie jikoni, hata kama siku hiyo kuna harusi. Hapo akatabasamu kidogo, maana Pumwani harusi haiahirishwi kwa sababu ya tumbo la mpishi. Lakini alitia alama panapotakiwa.

Swali la 23 likamshika.

*Wali uliopikwa saa mbili usiku umeachwa mezani kwenye sufuria iliyofunikwa hadi alfajiri. Utafanya nini?* A, unaupasha moto mpaka utoe mvuke. B, unaunusa kwanza. C, unautia kwenye friji upoe. D, unautupa.

Mezani kwa Shangazi, pale Majengo, sufuria hiyo ilikuwepo kila asubuhi. Shangazi aliukaangia kitunguu na bizari, akaukamulia ndimu, na kina baba wa soko walipanga foleni kabla ya adhana kupoa. Rehema amelelewa na wali huo. Karo yake ya sekondari ilitoka kwenye sufuria hiyo. Na usiku wa jana, akikariri kwa tochi ya simu kwa kuwa stima zilikuwa zimepotea, alikuwa amesoma kwamba kwenye mchele kuna mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemka. Wali ukilala kwenye joto la chumba, mbegu zinaamka, zinaacha sumu, na sumu hiyo hata uipashe namna gani haiondoki. Wali wenyewe haunuki, hauna utelezi, hauna dalili yoyote.

Aliinua macho, akamwona msimamizi anamtazama. Akayashusha. Kutia alama kwenye D kulikuwa sawa na kusimama mbele ya foleni ile ya asubuhi na kumwaga sufuria ya Shangazi jalalani, wateja wakitazama.

Akatia D. Akaikoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Yaliyobaki aliyamaliza haraka haraka, mengine hata hakumbuki.

Walipoanza kuitwa, aliyemtangulia alikuwa yule jamaa mnene. Alitoka anatikisa kichwa. "Wamenipa themomita mbovu, dada," akamwambia mlangoni. "Mtego tu."

Ndani kulikuwa na meza, glasi ya maji yenye barafu, na jiko la gesi lenye sufuria ya maji yanayotokota. Msimamizi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakumwambia akae.

"Hakikisha themomita hii ni nzima. Kisha unipe jibu."

Rehema akaitumbukiza kwenye barafu, akakoroga kidogo, akasubiri. Namba zikashuka, zikatulia kwenye 0. Vizuri. Akaifuta, akaipeleka kwenye sufuria, akiishikilia katikati isiguse chini. Maji yalikuwa yanaruka mapovu makubwa. 90. 92. 93. 94.

Ikasimama hapo.

Akasubiri. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. 94. Kitabu kilisema maji huchemka kwa 100. Shuleni walisema 100. Moyo ukaanza kumpiga masikioni, akamkumbuka yule jamaa, na jibu likamjia mdomoni kabisa: mbovu.

Lakini kwenye barafu ilikuwa imesoma sawasawa. Na hapo ndipo aliposikia, wazi kama yupo mle chumbani, sauti ya Shangazi akigombana na maharage. Shangazi alizaliwa Mombasa, na tangu ahamie Nairobi hajaacha kulalamika: huku kunde haziivi, maharage yanakula makaa gunia zima, maji ya Nairobi yanachemka lakini hayana moto. Watu wa mtaani walimcheka kwa neno hilo. Rehema mwenyewe alimcheka.

"Ni nzima," akasema.

"Inasoma 94."

"Ndiyo, baba. Hapa tuko juu. Maji yanachemka kabla hayajafika 100. Mombasa yangefika." Akameza mate. "Ndiyo maana huku maharage yanachelewa kuiva."

Mzee akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nani amekufundisha hayo?"

"Shangazi yangu. Anauza chakula Majengo."

Akaandika kitu, hakusema kitu, akaita anayefuata.

Matokeo yalibandikwa mlangoni saa kumi. Namba yake ilikuwa na 34 kwa maandishi, na mbele yake alama ya tiki kwa upande wa vitendo. Jamaa mnene alikuwa ametikiwa maandishi tu, na alikuwa tayari anabishana na askari wa getini kuhusu themomita.

Rehema akapiga simu akiwa bado amesimama pale mlangoni, watu wanamsukuma.

"Shikamoo, Shangazi. Nimepita!"

"Marahaba, mwanangu! Alhamdulillahi! Wamekuuliza nini?"

Akamweleza kuhusu sufuria, barafu, na ile 94. Upande wa pili kukawa na kicheko kirefu, kisha Shangazi akasikika akiwatangazia wateja: "Mnasikia? Si niliwaambia maji ya huku hayana moto? Serikali yenyewe imekubali!" Akarudi kwenye simu. "Sasa hiyo alama ni yangu. Mshahara wa kwanza unanijua."

"Unakujua, Shangazi. Lakini kuna swali jingine waliuliza. La wali."

"Wali gani?"

"Wa kulala."

"Wee Rehema, sikusikii vizuri, hapa kuna mteja."

"Shangazi, unanisikia. Leo jioni nakuja, na ile sufuria tutaizungumza."

"Uje na kitunguu," Shangazi akasema, akakata simu.