Maelezo ya Nyongeza kwa Swali la 14: Kosa la Barabarani la Mwaka 2012

Jibu ndani ya kisanduku cha fomu:

Ndiyo. Kosa moja: kuendesha gari bila leseni ya daraja linalohusika, Agosti 2012. Adhabu ilikuwa faini, nikailipa siku ya hukumu. Sikufungwa. Maelezo kamili yamo kwenye bahasha iliyoambatishwa.

Karatasi iliyo ndani ya bahasha:

SIRI

Kwa: Meneja Rasilimali Watu
Kutoka kwa: Mwombaji, fomu Na. 0386
Nafasi inayoombwa: Mtunza stoo msaidizi na dereva wa folklifti
Tarehe: 3 Machi 2025

Ndugu Meneja,

YAH: KUTIWA HATIANI KWA KOSA LA BARABARANI, AGOSTI 2012

Swali la 14 la fomu ya maombi linauliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa lolote, wakati wowote. Nimejibu Ndiyo. Kosa ni hilo moja tu. Hakuna jingine kabla yake wala baada yake, na leo hakuna shauri lolote mahakamani wala polisi linalonihusu.

Tarehe 9 Agosti 2012, nikiwa na umri wa miaka 21, niliendesha pikapu ya mwajiri wangu wa wakati huo kupeleka mifuko 12 ya saruji kwenye eneo la ujenzi. Leseni niliyokuwa nayo ilikuwa ya pikipiki peke yake. Nikirudi nyuma ili nishushe mzigo, niligonga na kuvunja kioo cha pembeni cha gari lililokuwa limeegeshwa. Hakuna aliyeumia. Mwenye gari aliita askari wa usalama barabarani, leseni yangu ikakaguliwa, nikafunguliwa mashtaka.

Dereva wa pikapu hakuwepo siku hiyo, nami niliambiwa nipeleke mzigo. Nalitaja jambo hilo kwa kuwa limo kwenye maelezo niliyoandika kituoni na mtalikuta mkiyasoma. Haliniondolei kosa. Nilijua leseni yangu ni ya daraja gani, na ufunguo niliuchukua kwa mkono wangu.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kuendesha gari bila leseni ya daraja linalohusika: nilikiri. La pili, kuendesha kwa uzembe: upande wa mashtaka uliliondoa kabla halijasikilizwa. Hukumu ilitolewa tarehe 14 Agosti 2012, nikaamriwa kulipa faini au, nikishindwa, kutumikia kifungo cha mwezi 1. Faini niliilipa yote siku hiyo hiyo kabla ya ofisi ya mhasibu wa mahakama kufungwa. Kiasi kamili kimo kwenye stakabadhi, kiambatisho B. Kioo cha gari nilikilipia mwenyewe wiki iliyofuata, na mwenye gari alisaini kwamba hana dai lingine. Karatasi hiyo ni kiambatisho C.

Mkikagua kumbukumbu zangu, kuna mambo manne yanayoweza kuleta utata. Nayaeleza mapema ili yasionekane kama mambo yaliyofichwa.

Kwanza, maneno "faini au kifungo cha mwezi 1". Katika muhtasari wa kesi yameandikwa kwenye mstari mmoja, na anayesoma haraka huona kifungo. Sikuwahi kukaa gerezani hata siku moja. Stakabadhi ina tarehe ile ile ya hukumu, na hiyo ndiyo inayothibitisha.

Pili, tarehe. Rejista ya kituo cha polisi ina tarehe 9 Agosti, siku ya tukio. Rejista ya mahakama ina tarehe 14 Agosti, siku ya hukumu. Ni kesi moja. Vilevile polisi waliorodhesha mashtaka mawili na hukumu inataja kosa moja, kwa sababu ya lile lililoondolewa.

Tatu, jina. Hati ya mashtaka ina majina yangu mawili, ilhali kitambulisho na vyeti vyangu vya shule vina matatu. Namba ya kitambulisho ni ile ile kwenye hati zote, nami nimeipigia mstari katika nakala mlizonazo.

Nne, na hili naomba lisomwe kwa makini. Mwaka 2018 nilijaza fomu ya kazi niliyonayo sasa. Fomu ile iliuliza kuhusu makosa ya "miaka 5 iliyopita", na kwa kuwa kosa lilikuwa limeshapita miaka 5 na miezi kadhaa, nilijibu Hapana. Fomu yenu haina ukomo wa miaka, ndiyo maana jibu leo ni Ndiyo. Majibu mawili tofauti kwa maswali mawili tofauti. Hata hivyo, msimamizi wangu wa sasa analijua jambo hili. Nilimweleza mwezi Januari mwaka huu kabla sijamwomba awe mdhamini wangu, ili mkimpigia simu lisimfikie kwa mara ya kwanza kutoka kwenu.

Inawezekana pia cheti cha polisi mtakachokiomba kikarudi bila kuonyesha kosa hili, kwa kuwa ni la zamani na ni dogo. Hilo lisichukuliwe kwamba nilijibu swali la 14 kimakosa. Fomu imeuliza kuhusu hukumu, na hukumu ilikuwepo.

Sasa kuhusu uhusiano wa kosa hili na nafasi ninayoiomba, kwa sababu uhusiano upo. Kazi ni ya kuendesha mtambo, na kosa langu lilikuwa la kuendesha chombo nisichokuwa na ruhusa nacho. Mna haki ya kuuliza ni nini kimebadilika.

Leseni ya gari niliipata mwaka 2014, baada ya mafunzo na mtihani. Tangu hapo sijapata kosa la barabarani, hata la kuegesha. Mafunzo ya folklifti niliyamaliza mwaka 2018, nikapimwa upya mwaka 2021 na mwaka 2024. Vyeti vyote vitatu ni kiambatisho D. Vyeti hivyo ni vya folklifti ya kukalia yenye uzani wa nyuma. Havihusu ile ya kusimama inayofanya kazi kwenye njia nyembamba za rafu. Tangazo lenu halikutaja aina. Ikiwa ghala lenu lina ile ya pili, nitahitaji mafunzo yake kabla ya kuigusa, na naomba mlijue hilo sasa kuliko siku ya kwanza ya kazi.

Katika kazi yangu ya sasa, folklifti hukaguliwa mwanzoni mwa kila zamu. Kabla ya kuiwasha naangalia matairi, sakafu chini yake kama kuna mafuta yaliyovuja, minyororo ya kunyanyulia, na vyuma viwili vya kubebea mzigo kama vina ufa, hasa pale kwenye kona vinapopinda. Baada ya kuwasha najaribu breki, usukani, honi, king'ora cha kurudi nyuma, kupandisha na kushusha. Kasoro ya breki, usukani au minyororo maana yake ufunguo unarudi ofisini na mtambo unawekewa kibao, hata kama lori linasubiri mlangoni. Uzito wa mzigo naulinganisha na kibao cha uwezo: mtambo ulioandikiwa kilo 2,000 kwa kitovu cha mzigo cha milimita 500 haubebi kilo 2,000 ikiwa paleti ni ndefu na uzito wake uko mbele zaidi. Hapo ndipo mitambo mingi hunyanyuka nyuma, na dereva anayetegemea macho peke yake huwa hana muda wa kusahihisha.

Tangu mwaka 2021 mimi ndiye ninayetunza rejista ya funguo za mitambo mitatu ya ghala. Ina safu sita: tarehe, saa, jina, namba ya cheti cha dereva, hali ya mtambo, saini. Safu ya nne isipojazwa, ufunguo hautoki. Wamekuja wasimamizi wakitaka kijana wa kupakia asogeze paleti moja tu kwa kuwa dereva yuko chakula cha mchana, na jibu limekuwa lile lile kwa kila mtu. Nakala ya kurasa mbili za rejista hiyo, majina yakiwa yamefichwa, ni kiambatisho E. Mwajiri wangu ameruhusu itolewe.

Iwapo bima ya magari na mitambo yenu inataka historia ya makosa ya kila dereva, naomba kosa hili liandikwe hivi: "Kosa 1, kuendesha gari bila leseni ya daraja linalohusika, hukumu ya 14 Agosti 2012, faini, imelipwa, hakuna kosa baada ya hapo." Lisiachwe kwa kudhani ni la zamani mno. Bima ikigundua baadaye kwamba iliuliza na haikuambiwa, fidia ya ajali isiyohusiana kabisa na mimi inaweza kuingia kwenye mabishano.

Maombi yangu kwenu ni matatu. Bahasha hii isomwe na wale tu wanaoamua kuhusu ajira hii. Kama kuna jambo linalohitaji ufafanuzi, niulizwe kabla uamuzi haujafanywa. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote ya kazi baada ya saa 10 jioni, au kujibu kwa simu iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu. Na nisipochaguliwa, nakala za hati za mahakama zirudishwe au zichanwe, zisibaki kwenye faili la maombi.

Viambatisho:

A. Nakala ya hukumu, kurasa 2, yenye mhuri wa mahakama.
B. Nakala ya stakabadhi ya faini. Wino wa stakabadhi halisi umefifia, hivyo nimeambatisha pia barua ya karani wa mahakama inayothibitisha namba yake na kiasi kilicholipwa.
C. Karatasi ya makubaliano ya malipo ya kioo, ukurasa 1.
D. Leseni ya udereva, mbele na nyuma, na vyeti vya folklifti vya 2018, 2021 na 2024.
E. Kurasa 2 za rejista ya funguo.

Hati halisi za A hadi D ninazo na nitakuja nazo siku ya usaili.

Nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli na kamili kwa kadiri ya ufahamu wangu, na natoa idhini yathibitishwe mahakamani na polisi kwa kutumia namba ya kitambulisho iliyo kwenye fomu.

Wako mtiifu,

(Imesainiwa)
Mwombaji, fomu Na. 0386