Spana Namba 15

Mwanaidi alitoka eda Jumatano, baada ya miezi minne na siku kumi, na kesho yake akaenda zahanati kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga tangu juzi. Nesi alimpima presha, akamwacha akae kimya dakika 5, akampima tena: 148 kwa 94. Akamuuliza kama analala.

"Najinyoosha tu."

"Chumvi punguza, mama, halafu utembee. Wiki hii dakika 10 kila asubuhi, wiki ijayo uongeze 5, hivyohivyo mpaka ufike 30. Usikimbie. Uende mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi."

"Na nani wa kuimba," Mwanaidi akasema, akachukua kadi yake.

Asubuhi ya kwanza alitoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza, na kandambili miguuni. Ngamiani ilikuwa inaamka: mama wa vitumbua anapuliza mkaa, kuku wanafunguliwa, baiskeli zinapita bila taa. Njia yote ilikuwa ya Hamisi. Hapa ndipo aliponunua spoki na gololi, pale baraza aliyochezea bao, na kila baiskeli iliyopita Mwanaidi alihisi ni lazima ilishapinduliwa juu chini siku moja mbele ya genge lake. Akafika kwenye reli, akageuka. Alirudi amechoka kuliko alivyotoka, akalala na viatu.

Wiki ya pili kisigino cha kulia kikaanza kumchoma. Alikuwa akishuka kitandani hatua tatu nne za mwanzo ni kama amekanyaga msumari, akishatembea kidogo maumivu yanapungua. Nesi alibonyeza chini ya unyayo, karibu na kisigino, Mwanaidi akaruka.

"Ni kandambili. Soli nyembamba, na nyuma hakuna kinachoshika mguu. Usiku utando wa unyayo unajikunja, ukisimama ghafla unavutwa. Tafuta raba. Bonyeza nyuma ya kiatu kwa dole gumba, kikibonyea ovyo kiache. Halafu kikunje: kikunjike penye vidole, siyo katikati. Na kabla hujashuka kitandani, nyoosha mguu, pitisha kitambaa chini ya vidole, ukivute kuja kwako. Sekunde 30, mara tatu, kila mguu."

Raba alizipata kwenye mtumba, za kijivu, zimemzidi kidogo, akavaa na soksi nzito. Kitambaa kilichokuwa karibu ni kikoi cha Hamisi, kile alichokiweka chini ya mto bila kukifua tangu siku ya msiba. Kila alfajiri akawa anakitoa, anakipitisha chini ya vidole, anakivuta, anahesabu kimoyomoyo hadi 30. Mara nyingine alifika 12 akashindwa kuendelea. Alijifuta uso kwa kikoi hichohicho akaanza upya.

Wifi yake, Bi Zuhura, hakupendezwa. "Watu wanasema, wifi. Hata kaburi halijakauka vizuri, wewe asubuhi unaonekana barabarani na raba."

"Waambie ni presha."

"Nimewaambia. Wanasema presha gani inatembea hadi Bombo."

Kwa maana alishavuka reli, akapita mjini, na kufika inakoonekana bahari. Pale njia ina miti na upepo. Hamisi hakuwa na shughuli ya huku, wateja wake walikuwa wa Ngamiani, kwa hiyo kulikuwa na mahali pa kutazama bila kumkuta. Mwanaidi alisimama akakitazama kisiwa cha Toten, akatazama ngalawa zikirudi. Njaa ikamshika. Ilikuwa njaa kabisa, ya kutaka chapati na maharage. Akashtuka, kisha akaona haya, akarudi nyumbani kwa haraka kuliko alivyoruhusiwa.

Mambo hayakwenda kwa mstari mmoja. Asubuhi moja, karibu na hospitali, alimwona mzee anakokota baiskeli, kofia imeegemea sikio la kushoto, na magoti yakamlegea. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa barabarani akalia mpaka mtu akamsimamishia bodaboda. Siku mbili hakutoka.

Siku ya tatu Bi Zuhura aliingia chumbani bila kubisha, akaziweka raba mbele ya kitanda.

"Nilikuwa nakuona ukirudi unakula," akasema. "Juzi na jana chai nimemwaga. Ondoka, wifi. Watu niachie mimi."

Akaondoka, ila alijirudisha kwenye dakika 15, kwa sababu mwili ukishalala hata siku chache haupendi kubebeshwa mzigo wote mara moja. Wiki iliyofuata akaongeza. Presha ilipopimwa mwisho wa mwezi ilikuwa 134 kwa 86, nesi akasema dawa zingoje kwanza. Usingizi nao ukaanza kuja, kwanza wa saa tatu mfululizo, kisha mpaka adhana.

Jumamosi moja alikuwa akianika nguo uani, shuka, gauni, kanga mbili, na mkono ukatoa kwenye beseni kikoi kilichokwisha kufuliwa. Hakukumbuka kukitia kwenye maji. Alikinusa. Sabuni tupu. Alikaa nacho mkononi, akisubiri kitu kimpasuke kifuani, maji yakimdondokea miguuni. Kisha akakikung'uta, akakianika, akakibana kwa vibanio viwili kwa kuwa upepo ulikuwa mkali.

Kijana wa mikate walikuwa wakipishana kila siku karibu na reli. Asubuhi hiyo alimsikia kabla hajamwona: cheni inaruka, kraa, kraa, kila pedeli ikishuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo cheni imelegea, mwanangu. Simama." Akainama, akaibonyeza kwa kidole katikati, sehemu ya chini. Ilizama karibu urefu wa kidole kizima. "Inatakiwa icheze sentimita 1 hadi 2, basi. Ukiwa na mzigo hivi itakuangusha kwenye lami. Legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma, kisha kaza kidogo kidogo, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza gurudumu linakaa upande, linasugua fremu. Na usiikaze mpaka iwe kama waya, utakula gololi."

Kijana alimtazama. "Mama, wewe fundi?"

"Mume wangu. Fundi Hamisi, alikuwa na genge pale barabara ya tisa."

"Fundi Hamisi namjua! Alinizibia pancha nikiwa shule, hakunitoza."

"Alikuwa hivyo. Nyumbani tulikuwa tunagombana kwa hizo pancha za bure." Akacheka, na alipokwisha kucheka akaona kijana bado anasubiri. "Spana unayo?"

"Sina."

"Namba 15. Njoo alasiri, nitakupa, utaikazia uani kwangu."

Sanduku lilikuwa chini ya meza, limepigwa kutu kwenye bawaba. Akalifungulia sakafuni. Spana zimepangwa kwa ukubwa ndani ya kipande cha tairi, namba 15 imelika meno kwa upande mmoja, inabidi kugeuza utumie upande wa pili. Akaifuta grisi kwa gazeti.

Bi Zuhura alisimama mlangoni. "Unauza?"

"Naazima. Kuna kijana wa mikate."

"Bure?"

"Bure."

"Mambo ya kaka yangu hayo," Bi Zuhura akasema. "Angalau akuletee mkate."

"Atatuletea. Nimemwambia mikate miwili, mmoja wako."