Bakari wetu kavishwa pini, na aliyemvisha ni Bibi

Mashaallah, tabarakallah. Leo mtatusamehe, tutaandika mpaka kidole kiume. Waliozoea maneno mawili na kopa jekundu wapite tu salama. Sisi ni watu wa Ngamiani, kusema kidogo hatukufundishwa.

Huyo wa katikati kwenye picha ya kwanza, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama karatasi, ni Bakari, kitinda mimba wa Mzee Hamza fundi baiskeli. Tangu jana ni mhitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. Na huyo aliyevaa baibui na miwani mikubwa, aliyeinamia kifua cha mtoto kana kwamba anatafuta kitu kilichopotea, ni Bibi Mwanahawa, mamaake Baba.

Utaratibu wa chuo chao ni kwamba kila mhitimu anachagua mtu mmoja wa nyumbani wa kumvisha pini ya uuguzi. Wengi walichagua mama zao. Bakari akaandika jina la Bibi na hakumwambia mtu, tukaja kulisikia kwenye kipaza sauti. Mama alinuna kidogo, tusifichane, maana ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi ili ada itimie. Kununa kwenyewe kulikwisha Bibi aliposhika pini tu.

Bibi jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Mshereheshaji anahimiza twende twende, foleni ndefu, watu wana njaa. Bibi hana habari naye. Akaifungua pini kwa ukucha wa dole gumba, akaipima ncha, kisha akaingiza vidole viwili ndani ya shati, kati ya kitambaa na ngozi, vile akina mama walivyokuwa wakifunga nepi za pini zamani, ili ncha ikiteleza imchome yeye. Halafu akasema, na kipaza sauti kiko karibu: "Tulia basi, mtoto." Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoto mwenyewe akisimama mlangoni kwetu anainama.

Hiyo ndiyo picha ya pili. Ya tatu Baba analia, ameomba tusiiweke, tumeiweka.

Sasa kwa nini Bibi? Wasiomjua, Bibi alikuwa mkunga wa jadi kule upande wa Tongoni kabla ya kuhamia mjini. Kuna watu wazima leo wana wajukuu, akikutana nao sokoni anawaambia walitoka kichwa au walitanguliza miguu, mbele za watu. Wakunga wa jadi walipoelekezwa wasizalishe tena majumbani, wawapeleke wajawazito kwenye vituo, Bibi alikubali, lakini kazi hakuiacha moja kwa moja. Akawa msindikizaji. Uchungu ukimshika mtu usiku, anayegongewa kwanza ni Bibi, na bodaboda anaitwa na Bibi.

Na huyo huyo Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa Bakari alipochaguliwa kwenda uuguzi. "Mwanamume leba anatafuta nini?" Alisema hivyo kibarazani, saa ya kahawa, na mtaa wetu ukisikia jambo saa ya kahawa, magharibi limeshafika Makorora. Vijembe tulivila. Kuna jirani alijifunga kanga yenye maneno ambayo hapa hatutayarudia, akapita mlangoni kwetu mara moja akienda dukani na mara ya pili akirudi, na dukani hakununua kitu. (Jirani, tunakupenda, na jana ulipiga vigelegele kuliko sote.)

Bakari hakubishana. Alieleza tu kwamba hapa kwetu stashahada hii imeunganisha uuguzi na ukunga, awe mwanamume awe mwanamke, lazima uingie leba, ujifunze kuzalisha ukiwa chini ya msimamizi, la sivyo humalizi. Hiyari hakuna. Mengine akayaacha yajieleze.

Yakajieleza kwa mdoli. Likizo ya mwaka wa kwanza alichukua mdoli wa mpwa wetu Zuhura, akamviringisha kwenye kanga, akaweka simu pembeni ihesabu sekunde. Mtoto kazaliwa, halii. Mkaushe mwili, ondoa kanga iliyolowa, mfunike kavu, msugue mgongo. Bado halii? Weka kichwa sawa, kisiinuke sana wala kisiiname, anza kumpumulisha kwa kifuko na barakoa. Yote hayo hayatakiwi kupita dakika moja, na wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Akarudia, akarudia, mpaka Zuhura akaanza kulia kwa niaba ya mdoli. Bibi alikuwa kitandani kajifanya amelala. Mara tukasikia: "Kitovu unakata lini?"

Bakari akajibu: siku hizi hakuna haraka, kama mtoto anapumua vizuri unasubiri dakika moja hadi tatu ndipo ubane na kukata, damu iliyobaki kwenye kondo imwendee mtoto, isaidie asipungukiwe damu baadaye. Bibi akakaa kitako. "Sisi tulikuwa tunasubiri kiache kupiga. Vijana wa hospitali wakatucheka." Hajawahi kufurahi namna ile tangu tumjue. Tangu usiku huo likizo zote zikawa shule, na hatukujua nani mwalimu.

Si kwamba walikubaliana kwa yote. Kitovu cha mtoto, Bakari alisema, hakipakwi majivu, hakipakwi mafuta wala dawa za kienyeji, kiachwe kisafi na kikavu. Bibi alinyamaza, kisha akasema kuna watoto wawili anawakumbuka, akaomba abadilishiwe mazungumzo. Tukabadilisha. Kwenye damu ya baada ya kuzaa wakakutana tena: mama anachomwa oksitosini yuniti kumi ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mji wa mimba ujikaze. Bibi yeye dawa yake ilikuwa kumweka mtoto ziwani papo hapo. Bakari akamwambia, Bibi, mtoto akinyonya mwili wa mama unatoa oksitosini yenyewe, ila sindano ni ya uhakika zaidi, usiache kumpeleka mtu hospitali. Bibi akasema, "Nani kasema niliacha?"

Fildi ndiyo iliyotupa wasiwasi. Zamu za usiku, miguu imevimba, anarudi asubuhi anakula muhogo wa nazi akiwa amesimama ili asilale na tonge mdomoni. Wako akina mama waliomwambia waziwazi hawataki kuhudumiwa na mwanamume. Hakujieleza wala hakukasirika, alimwita mwenzake wa kike akatoka. Haya tumeyasikia kwa wanafunzi wenzake, kwani Bakari mwenyewe hasemi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Tanga, kwenye baraza la kahawa, siku hizi habari hatoi kabisa! Ukimuuliza nani kajifungua, anakuuliza kama maji ya kuoga yapo. Jana tulipowasikia wakila kiapo, kwamba siri za mgonjwa na za nyumba yake watazitunza, ndipo Shangazi akanong'ona: "Kumbe ndiyo maana."

Kuhusu ile mishumaa kwenye picha ya sita, wengi mmeuliza kwenye simu kama umeme ulikatika. Haukukatika. Ni kumbukumbu ya Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, ambaye wakati wa vita ya Krimea alizunguka usiku na taa akiwaangalia majeruhi. Ndiyo maana Siku ya Wauguzi Duniani ni tarehe hiyo ya kuzaliwa kwake. Bakari, kwa kuwa hawezi kuacha jambo lipite, alituambia tukiwa njiani kurudi kwamba kiapo kinachoitwa cha Nightingale hakukiandika yeye, kiliandikwa Marekani mwaka 1893. Tulimwambia anyamaze tule sambusa.

Lakini neno lake moja tunaliweka hapa, kwa ajili ya wazee wa kijiweni waliokuwa wakimuuliza kazi hii ina faida gani. Aliwaambia hivi: kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16, vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwenye ule wa 2022 ikawa 104. "Hao waliopungua hawakuokolewa na maneno, Mzee. Kuna mtu alikuwa zamu." Mzee mmoja akamwagia kahawa kwenye kisahani, akauliza: "Na hao 104?" Bakari akasema, "Ndio ninaowaendea." Kijiwe kikanyamaza, jambo ambalo kwa kijiwe kile ni la kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Shukrani. Walimu wa chuo, Mungu awazidishie, mmetulelea. Wakunga wa wodi za wazazi mliomsimamia mkono kwa mkono, na mliomfokea pia, asanteni kwa yote mawili. Mama, kila andazi lilihesabiwa. Baba, ile baiskeli uliyomuunganishia kwa vipande vya baiskeli tofauti imemfikisha, japo breki yake ni miguu ya Bakari. Dada Saumu uliyefua yale mavazi meupe, tunajua yalikuja na madoa gani. Zuhura, mdoli mpya unakuja.

Na sasa matangazo madogo. Bado kusajiliwa na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa hiyo majirani, tafadhali, msianze kuja na sindano mkononi mkisema "dokta nichome hapa hapa." Leo asubuhi kashaamshwa na mtu wa presha. Kituo cha afya kipo, mwendo mfupi.

Jumapili baada ya adhuhuri karibuni nyumbani, dua fupi kisha pilau. Sare hakuna, kila mtu aje na kanga yake, isipokuwa jirani yetu tuliyemtaja juu, wewe tutakuchagulia sisi. Wanaotaka kuleta zawadi, saa za mkononi zimeshatosha, leteni viatu vyeupe namba 44 vyenye soli laini.

Na nyinyi mnaouliza inboksi kama ana mchumba, maombi yanapokelewa na Bibi, kibarazani, saa ya kahawa. Anza kwa kumwambia ulizaliwa wapi na ulitanguliza nini.

#MkungaWetu #BakariWaBibi #PiniYaBakari #TangaYetu