Mita Arobaini

Fundi Mbaraka alimaliza msimu wa sare akiwa na usingizi mwingi na pesa kiduchu. Tangu Novemba hadi shule zilipofunguliwa Januari, cherehani zake tatu pale Tandika hazikupoa. Sketi za bluu za shule ya msingi peke yake zilifika 276. Lakini alipotoa kodi ya fremu, umeme na posho ya vijana, sandukuni zilibaki za kununulia uzi na zipu, basi.

"Tuhesabu mali," akasema mkewe, Mama Rehema.

Jumapili wakajifungia dukani. Daftari lilisema: majora 12 ya tetroni ya bluu, kila jora mita 30, jumla mita 360. Sketi moja inakula mita moja. Kwa hiyo zilipaswa kubaki 84. Rafuni kulikuwa na jora moja ambalo halijafunguliwa, na vipande vya mita 14. Mama Rehema akajumlisha mara mbili, kisha akavua miwani.

"Baba Rehema, mita arobaini hazipo."

Kwa bei ya 6,000, hizo ni shilingi 240,000.

Kila fundi anajua kwamba kitambaa hurudi. Ikate pamba kabla ya kuiloweka, uone kama mteja hatakuletea shati la baba linalomtosha mtoto. Ila tetroni hairudi hivyo, na hii ilikuwa haijaona hata tone la maji.

Wa kumshuku alikuwa mmoja. Idi, kijana aliyekuwa akijifunza kazi, ndiye aliyeshika ufunguo wa pili. Tena wiki iliyopita alikuja na simu mpya. (Nusu ya Tandika ina simu mpya ya mkopo, lakini mtu akishaibiwa haoni hilo.)

Jumatatu asubuhi Fundi hakumwambia neno. Alimwagiza tu ashushe lile jora rafuni. "Tulipime wote, mwanangu. Nataka uone jora zima linavyokuwa."

Idi akachana nailoni. Wakapima juu ya meza, mita kwa mita, Mama Rehema akihesabu kwa sauti. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Kikabaki kipande cha shibiri mbili, na kitambaa kikaisha.

Wakarudia. Shibiri mbili zilezile.

"Na hili nimeliiba mimi, Fundi?" Idi akauliza. Hakuna aliyekuwa ametamka neno kuiba.

Mama Rehema ndiye aliyeokota boksi gumu lililokuwa limezungushiwa kitambaa. Ubavuni palikuwa na lebo: 30. Mbele ya 30 hapakuandikwa mita. Paliandikwa yadi.

Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Yadi 30 ni mita 27 na zile shibiri mbili. Kule Kariakoo, Mtaa wa Kongo, Fundi alisikia "jora la thelathini" na hakuuliza thelathini za nini. Miaka yote alikuwa akinunua cha kukatiwa. Msimu huu ndio kwanza alipata mtaji wa majora mazima, akajiona tajiri.

Majora 11 aliyoyakata, kila moja pungufu ya mita mbili na nusu na ushee: mita 28. Hazikuibiwa. Hazikuwahi kufika dukani. Na kibaya zaidi kilikuwa kwenye bei. Jora alilinunua 180,000, akagawa kwa 30, akapata 6,000. Kumbe mita ilikuwa ikimgharimu zaidi ya 6,500. Sketi aliyoipangia faida ya 1,500 ilimwachia 900 na kitu, mara 276.

"Bado 12," akasema Mama Rehema, ambaye hesabu akiianza haiachi njiani.

Idi akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akatoka na kalenda ya mwaka jana. Mgongoni mwa Disemba palijaa mwandiko wake. "Ulisema kila kinachokatwa kiandikwe. Daftari unakaa nalo wewe, nikawa naandika huku."

Sampuli za mwalimu mkuu, mita 4. Watoto wa shemeji, mita 3. Mapazia, mita 4. Hiyo moja iliyobaki ilikuwa ya mkasi na makosa.

"Mapazia gani?"

Fundi akaanza kutafuta mkasi, nao alikuwa ameushika.

"Ya dada. Si alihamia nyumba mpya Mbagala?"

"Mapazia ya kitambaa cha sare?"

"Aliipenda rangi."

Mama Rehema akafuta 12,000 kwenye ubao wa bei, akaandika 12,600. Halafu akafungua ukurasa mpya wa daftari, kule kwa wadaiwa, akaandika juu kabisa jina la mumewe. "Mita 11. Unalipa taslimu au kidogo kidogo?"

Fundi hakujibu. Alishika pindo moja la kitambaa, akamsogezea Idi pindo la pili, wakaanza kukunja.

"Idi."

"Naam, Fundi."

"Hilo daftari, kuanzia leo kaa nalo wewe."